Kufunga Barua Pepe ya Kiingereza kwa Heshima ya Barua Rasmi ya Kiswahili

Katika ofisi nilimojifunzia ukatibu muhtasi, barua haikutoka mpaka ifungwe vizuri. Kiini kingeweza kuwa cha mistari mitatu tu, lakini mwisho ulikuwa na haki yake. Shukrani zinatangulizwa, matumaini yanaelezwa, mwandikiwa anatakiwa kazi njema, halafu inafuata "Naomba kuwasilisha", halafu "Wako mtiifu", sahihi, jina na cheo. Mkubwa aliyeipokea aliisoma mpaka chini, na akikuta kimoja kati ya hivyo hakipo angejiuliza kama mwandishi ana neno moyoni.

Baadaye nikahamia mahali ambapo sehemu kubwa ya mawasiliano ni barua pepe, na nyingi kati yake ni za Kiingereza, zinakwenda kwa watu ambao hawajawahi kusoma barua rasmi ya Kiswahili. Wenzangu wadogo huniletea rasimu zao nizipitie kabla hazijatumwa. Maelezo yao huwa safi, hoja zimepangwa, tarehe zipo. Ukifika mwisho ndipo unaposikia sauti nyingine, kama vile mwandishi mwenyewe ameondoka na kumwachia mtu mwingine kalamu.

Rasimu moja ninaikumbuka kwa sababu ilikuwa na kila kitu. Binti mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa anaomba ufadhili wa masomo, na alihitaji barua ya udhamini kutoka kwa mhadhiri wa nje aliyemsimamia tasnifu yake. Mwisho wa kupokea barua hizo ulikuwa tarehe 30 Juni. Alinifuata mezani akasema, "Mama, naomba unisomee hii kabla sijaituma." Mwili wa barua haukuwa na tatizo: alijitambulisha, akataja tasnifu, akaeleza ufadhili na kueleza anachoomba. Kisha akafunga hivi:

```
It is my hope that my request will be received
and given great weight.
I thank you in advance for your cooperation.
I wish you good work in your daily duties.
I beg to submit.

Your obedient student,
```

Sarufi ni sahihi. Mzungumzaji wa Kiswahili akiisoma anausikia mwisho mzuri wa barua, wenye adabu na mpangilio. Lakini mhadhiri yule hana barua ya Kiswahili kichwani. Kwake hii ni mistari mitano ambayo haimwambii jambo lolote jipya na haimwonyeshi afanye nini. Nilimwambia, "Mwanangu, adabu yako yote iko hapa, ila huyu hataiona. Tuitafutie mahali atakapoiona."

Nieleze ninavyolielewa jambo hili, maana maelezo haya ndiyo yanayoongoza kila badiliko tulilofanya. Katika barua rasmi ya Kiswahili, fungu la maneno lililozoeleka ndilo heshima yenyewe. Hakuna anayetarajia nibuni namna mpya ya kutanguliza shukrani. Nikitumia maneno yaleyale wanayotumia wote, ninamwonyesha mkubwa kwamba najua taratibu, najua nafasi yangu na ninaitambua yake. Anayebuni yake mwenyewe ndiye anayeonekana kakosa malezi. Katika barua pepe ya Kiingereza mambo yamegeuka. Msomaji wake hulipita fungu lililozoeleka bila kulisoma, na likiwa refu kuliko kawaida humfanya ahisi anaandikiwa kama cheo, si kama mtu. Heshima anaihisi kwenye vitu viwili: unapomwachia nafasi ya kuamua, na unapomwambia jambo ambalo lisingeweza kuandikiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo hatukuanza kwa kufuta. Tuliuchukua mstari mmoja baada ya mwingine tukauliza, kwenye Kiswahili huu unafanya kazi gani?

Wa kwanza ni ule wa matumaini. "Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa na kupewa uzito" unamwachia mkubwa uamuzi. Anayesoma anajua kwamba mwombaji hajajikatia shauri, amesimama mlangoni anasubiri. Ni kazi kubwa, na haifai ipotee. Lakini maneno yake kwa Kiingereza hayamwachii mtu uamuzi wowote. Yanataja matumaini ya mwandishi, na msomaji anabaki na mzigo wa kutoyavunja. Ukitaka kumwachia mtu uamuzi kwa Kiingereza, mpe njia ya kukataa bila aibu na mweleze mambo anayohitaji ili aamue: mwisho ni lini, kazi ni kubwa kiasi gani, akishindwa nini kitatokea. Binti alisita kidogo hapo. Alisema, "Mama, nikimwambia anaweza kukataa, si nitakuwa nimejikatalia mwenyewe?" Ni hofu ya haki. Kwetu ukimwambia mkubwa "usipoweza si neno", anaweza kuona hulitaki sana jambo lenyewe. Msomaji yule, kinyume chake, akiona mlango wa kutokea uko wazi hukaa kwa raha zaidi na kufikiria ombi kwa moyo mweupe. Tukaandika sentensi moja tu ya namna hiyo, si tatu, kwa sababu zikizidi zinaanza kusikika kama mtu anayeomba radhi kwa kuomba.

Wa pili ni shukrani zinazotangulizwa, na huu ndio unaoleta madhara bila mwandishi kujua. Kwetu kutanguliza shukrani ni ukarimu: nakushukuru hata kabla hujatenda, kwa kuwa nakuamini. Kwa Kiingereza "Thank you in advance" inapokelewa vizuri kwenye jambo dogo la kawaida, mfano kuomba mtu akutumie nakala ya waraka. Jambo likiwa kubwa na la hiari, kama barua ya udhamini, wasomaji wengi huisikia kama msukumo, kwamba ndiyo yangu imeshahesabiwa kabla sijaitoa. "Looking forward to your favourable response" ina kasoro hiyo hiyo, tena zaidi, kwa sababu inamtajia mtu jibu analopaswa kutoa. Ukitaka kungojea jibu, andika "I look forward to hearing from you", ambayo haichagui jibu.

Shukrani zenyewe hazina ubaya. Tatizo ni wakati wake, kwa kuwa zinashukuru jambo ambalo halijatendeka. Dawa ni kuzirudisha nyuma, umshukuru mtu kwa alichokwisha kufanya. Kila mwandikiwa ana kitu cha kushukuriwa tayari, hata kama ni muda wa kusoma tu. Nilimuuliza binti, "Huyu mwalimu alikufanyia nini ambacho hukisahau?" Hakusita. Alisema sura yake ya tatu ilikuwa imevurugika, na mwalimu aliirudisha ikiwa imejaa maelezo pembeni, na mpaka sasa akiandika ripoti anakumbuka maelezo yale. Nikamwambia hilo ndilo aandike. Aliona ni jambo dogo mno kwa barua ya heshima, lakini kwa msomaji yule lilikuwa na uzito kuliko mistari yake mitano pamoja. Tena linamsaidia kazi yake, maana mtu anayeandika udhamini anahitaji kumkumbuka mwanafunzi, na hapo amekumbushwa.

Wa tatu, "Nakutakia kazi njema", unahama kwa urahisi kuliko wote. Dua njema inaeleweka kila mahali. Kinachouzuia ni maneno "daily duties", yanayofanya isikike kama hotuba. Iunganishe na jambo ambalo mwandikiwa anapitia wakati huo: mwisho wa muhula, safari aliyoitaja, mkutano unaokuja. Kama humjui kiasi hicho, "I hope the week goes well" inatosha. Usitafute jambo la familia yake wala afya yake ili uonyeshe ukaribu. Kwetu kumuulizia mtu nyumbani kwake ni adabu, lakini kwa mtu wa mbali mnayejuana kikazi inaweza kumshtua.

"Naomba kuwasilisha" tuliuondoa, na ndio mstari pekee tulioutoa bila kuweka kitu mahali pake. Kazi yake ni kufunga hoja na kukabidhi shauri. Kwenye barua pepe, shauri limekabidhiwa tangu kwenye kichwa cha habari na kwenye ombi lenyewe. "I beg to submit" ina neno la kuomba linalosikika zito kupita kiasi, na msomaji asiyejua asili yake anaweza kudhani mwandishi ana shida kubwa asiyoitaja.

Unabaki "Wako mtiifu". Binti aliamini hapa Kiingereza hakina cha kulingana nacho. Kilikuwa nacho. Watumishi wa serikali ya Uingereza, pamoja na waliokuwa makoloni, walifunga barua zao rasmi kwa "I have the honour to be, Sir, Your obedient servant", na hata mkubwa alipomwandikia mdogo wake kikazi alijiita hivyo hivyo. Kwa hiyo haikuwa lazima imaanishe utii. Ilikuwa kanuni ya ofisi. Baadaye Kiingereza cha kila siku kiliiacha, na Kiswahili rasmi bado kinatumia maneno yanayofanana nayo sana. Ukimwandikia msomaji wa leo "Your obedient student", yeye hasikii kanuni ya ofisi. Anasikia mtu anayejishusha mbele yake, na wengi huona haya kwa niaba ya mwandishi.

Baada ya mazungumzo yale, mwisho wake ulikuwa hivi:

```
The deadline is 30 June, and the letter goes straight
to the university through a link they will send you.
If this is a crowded month and you cannot manage it,
please do tell me; I will understand.

Thank you for reading this, and for the care you took
over my thesis. Your notes on my third chapter still
guide the way I write. I hope the end of term goes well.

Kind regards,
```

Tazama kwamba haujawa mfupi. Ushauri ambao vijana wengi huupata ni "fupisha, Wazungu hawapendi maneno mengi", na ukifuatwa unazaa barua pepe inayoomba neema kubwa kisha inafungwa kwa "Thanks," na jina. Hiyo nayo ni baridi, na haiwezi kuwa ndilo lengo letu sisi tuliokuzwa na lugha inayojali sana namna ya kuagana. Katika rasimu hii ya pili matumaini yapo, shukrani zipo, dua ipo, na kunyenyekea kupo ndani ya "please do tell me".

Kuna namna ninayoitumia kutambua sentensi iliyokauka, na nimewafundisha wengi. Badilisha jina la mwandikiwa, weka la mtu mwingine kabisa. Kama sentensi ya mwisho bado inasimama vilevile bila kutikisika, kwa Kiingereza imekauka. "I thank you in advance for your cooperation" inaweza kwenda kwa mhadhiri, benki au fundi wa kompyuta. Ile ya sura ya tatu inaweza kwenda kwa mtu mmoja tu. Si lazima kila sentensi ipite kipimo hiki, lakini iwepo angalau moja inayopita, na hizo nyingine zitasomeka kwa wema kwa sababu yake.

Kosa jingine ni la kujaribu kuongeza heshima kwa kurundika maneno kama "kindly", "humbly" na "esteemed". Tunayapenda kwa kuwa yanachukua nafasi ya "tafadhali" na "kwa unyenyekevu". Kiingereza cha ofisi zetu kimeyazoea, na kati yetu hayana tatizo. Lakini msomaji wa Uingereza au Marekani hukutana na "kindly" mara nyingi kwenye matangazo yanayokataza kitu, kwa hiyo "Kindly send me the letter" inaweza kumfikia kama amri iliyovikwa adabu. "Could you" na "Would you be able to" ni laini zaidi, kwa sababu ni maswali na swali linajibika kwa hapana. Ombi zito linachukuliwa vizuri na "I would be grateful if you could".

Kuhusu neno la mwisho kabla ya jina, watu hulihangaikia kuliko inavyostahili. Mapokeo ya Uingereza ni kwamba ukianza na "Dear Sir or Madam" unafunga kwa "Yours faithfully", na ukianza kwa jina la mtu unafunga kwa "Yours sincerely". Wamarekani hutosheka na "Sincerely". Zote hizi ni za barua za kwanza na za rasmi: maombi ya kazi, barua kwa ubalozi, malalamiko. Kwenye mawasiliano ya kawaida ya kazi "Kind regards" inatosha karibu kila mahali. Ninachokitazama zaidi ni kulingana na mwanzo. Barua inayoanza na "Hi" na kufungwa kwa "Yours faithfully" inashangaza kama ile inayoanza na "Dear Professor" na kufungwa kwa "Cheers".

Mhadhiri alijibu kwamba ataandika, akaomba atumiwe wasifu mpya wa binti, akafunga kwa "Best," na herufi ya kwanza ya jina lake. Binti alinionyesha kwa wasiwasi. Aliona herufi moja ni dharau, au pengine mwalimu amekubali kwa shingo upande. Haikuwa hivyo. Kwenye barua pepe zinazojibizana, mwisho husinyaa kadiri mazungumzo yanavyoendelea, na kusinyaa huko ni dalili ya ukaribu. Anayekuandikia herufi moja amekuhesabu kuwa mtu anayemjua. Nilimshauri amfuate mhadhiri lakini abaki hatua moja nyuma yake kwa urasmi, kwa sababu yeye ndiye mdogo na ndiye mwombaji. Alijibu kwa sentensi mbili na kufunga kwa "With thanks and best wishes," na jina lake la kwanza. Angerudia fungu zima la awali, msomaji angehisi anarudishwa mlangoni baada ya kukaribishwa ndani.

Haya yote yana mpaka, na mpaka wenyewe ni msomaji, si lugha. Barua pepe nyingi za Kiingereza katika ofisi zetu zinasomwa na watu waliolelewa na barua ya Kiswahili. Ukimwandikia mkurugenzi wa makamo, mwenye Kiswahili chake kamili, ukafunga kwa "Regards," peke yake, anaweza kusikia ubaridi uleule ambao mkubwa wangu wa zamani angeusikia. Kwake "I thank you in advance" haina msukumo wowote, kwa sababu chini yake anasikia "natanguliza shukrani". Huyo mwandikie mwisho anaoutambua. Ukiwa na shaka, angalia alivyofunga barua pepe zake mwenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote ni barua pepe moja yenye wasomaji wa aina zote mbili: mshirika wa nje kwenye anwani kuu, na mkubwa wetu kwenye nakala. Ukifunga kwa namna ya mmoja, unamwacha mwingine. Barua rasmi ya Kiswahili ina mahali pa watu wa namna hii, pale chini kwenye "Nakala", ambapo wanatajwa kwa cheo. Barua pepe inawaficha kwenye mstari wa juu ambao hausomwi kwa makini. Ninachofanya ni kuuacha mwisho uwe wa mwandikiwa mkuu, halafu heshima ya mkubwa wangu naiweka ndani ya barua, kabla ya kufunga, kwa kumtaja kwa cheo na kwa kazi aliyoifanya katika jambo hilo:

```
I am copying our Director, who has approved these dates
and to whom I am grateful for making the time available.

Please let me know if any of them are difficult for you.

Kind regards,
```

Mshirika anasoma taarifa anayoihitaji, kwamba tarehe zimeidhinishwa na nani. Mkurugenzi anasoma jina la cheo chake, uamuzi wake na shukrani anazopewa, mbele ya mgeni. Baadaye nikimwandikia mkurugenzi peke yake kwa Kiswahili kuhusu tarehe hizo hizo, naandika mpaka "Naomba kuwasilisha".